Mwizi Tunayemwombea Asikamatwe

Katika riwaya ya Patricia Highsmith iliyotoka mwaka 1955, The Talented Mr. Ripley, kuna jioni moja mjini Roma ambapo kijana Tom Ripley amebaki ndani ya nyumba ya kupanga pamoja na maiti. Marehemu ni Freddie Miles, aliyekuja kumuulizia rafiki yake na kuanza kushuku mambo, na Tom amemuua kwa kumpiga na kisahani kizito cha majivu ya sigara. Sasa anangoja giza. Likiingia, anamwinua maiti, anamshika kiunoni kama rafiki aliyezidiwa na pombe, na kuanza kumshusha ngazi. Msomaji anashuka naye hatua kwa hatua, roho mkononi, akiomba mlango wa jirani usifunguke.

Ni dua ya ajabu hiyo. Freddie hakuwa na kosa zaidi ya kuuliza maswali ya haki, na aliyemuua ni muongo, mghushi na muuaji kwa mara ya pili. Hata hivyo tumesimama upande wa muuaji. Tukifunga kitabu tunaweza kumlaani, lakini pale ngazini tulikuwa wenzake.

Wasomaji wa Kiswahili walilelewa na riwaya za uhalifu za namna nyingine. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetokea katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, ni mtu wa kutegua mafumbo, na kazi yake ni kuurudisha ukweli mahali pake. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, anapigana na kuua, ila anafanya hivyo kwa kutumwa na nchi. Tunajua mapema nani wa kumshangilia. Lakini mtu mwenye doa si mgeni kwetu. Watoto wa Pwani walicheka na Abunuwasi akiwaghilibu wakubwa, na nchi nzima ilifurahia Sungura alipokula jasho la wengine. Kule Kenya, John Kiriamiti, aliyefungwa kwa ujambazi, aliandika gerezani kitabu kilichotoka mwaka 1984 kwa jina My Life in Crime, na wasomaji walikigombea huku wakijua msimulizi ni mtu ambaye wangemkimbia njiani.

Swali la mwandishi basi si kama jambo hili linawezekana. Swali ni linafanywaje: unamjengaje mtu anayetenda uovu wa kweli, usioupaka chokaa, na bado msomaji akamfuata hadi ukurasa wa mwisho? Wengi hujibu haraka kwamba mpe utoto wa mateso, mpe mama mgonjwa, mpe mtoto anayehitaji upasuaji. Jibu hilo ndilo linaloharibu miswada mingi.

Huruma hutangulia kosa

Highsmith mwenyewe, katika kitabu chake cha mafunzo cha mwaka 1966 kuhusu uandishi wa riwaya za taharuki, alishauri kwamba muuaji anayebeba hadithi apewe sifa nyingi za kupendeza kadiri iwezekanavyo, kama ukarimu, wema kwa watu fulani, mapenzi ya muziki au ya kupika. Ni ushauri mzuri, lakini ukiifungua riwaya yake utaona kwamba kwa vitendo alifanya zaidi ya alivyoshauri. Siri yake kubwa imo katika mpangilio wa habari.

Ukurasa wa kwanza Tom yuko New York na kuna mtu anamfuata. Anadhani ni polisi. Anaingia baa, anakaa, moyo unamwenda mbio. Bado hatujui amefanya nini, wala hatujui kama ni mwema. Tunachojua ni kwamba anaogopa, na hofu ya mtu anayefuatwa haihitaji maelezo. Baadaye kidogo ndipo tunaambiwa kosa lake: amekuwa akijifanya ofisa wa kodi, akiwatisha watu kwamba wana deni, nao wanatuma hundi ambazo yeye hawezi hata kuzigeuza fedha. Ni utapeli usio na faida. Unachekesha na kusikitisha kwa pamoja, na unatuonyesha mtu anayetamani kuwa mjanja kuliko alivyo.

Kumbe anayemfuata ni baba wa kijana tajiri, Dickie Greenleaf, anayetaka Tom aende Italia kumshawishi mwanawe arudi nyumbani. Tom anapanda meli. Chumbani mwake anakuta kapu la matunda na vinono, zawadi kutoka kwa wazazi wa Dickie, naye anafunika uso kwa viganja na kulia. Mwandishi haelezi sana. Lakini msomaji anaelewa kwamba huyu ni mtu asiyezoea kupewa kitu. Ya utotoni yameguswa kidogo tu: wazazi walikufa maji, akalelewa na shangazi aliyemdharau, ambaye siku moja ya joto kwenye foleni ya magari alimtuma kukimbilia maji ya barafu, kisha foleni ikasogea na mtoto akawa anakimbiza gari. Tukio hilo moja linatosha kurasa kumi za mateso.

Kifo cha Dickie kinakuja baada ya haya yote. Kufika pale mashuani San Remo, ambapo Tom anamuua kwa kasia, tumeshaona jinsi alivyoonja maisha ya mwenzake, alivyofumaniwa amevaa nguo zake mbele ya kioo, na alivyoanza kufukuzwa taratibu kwa ubaridi wa rafiki aliyemchoka. Wazo la kuua linamjia kwenye treni, nasi tunaliona likizaliwa. Kama riwaya ingeanzia mashuani, tungemwona jitu. Kwa kuwa imeanzia kwenye hofu na aibu, tumeshakuwa wenyeji wa kichwa chake kabla hajanyanyua kasia.

Hapa ndipo penye funzo lenyewe: msomaji hahitaji kumsamehe mhusika. Anahitaji kuwa amekaa naye karibu kiasi cha kuielewa kila hatua wakati inapochukuliwa. Msamaha ni hukumu, na hukumu hutolewa na mtu aliyesimama mbali.

Tumjenge mmoja

Tuchukue mfano wa kubuni tuufanyie kazi toka mwanzo. Mhusika wetu ni fundi funguo, umri wa miaka 40 na ushee, anayekaa na meza yake kandoni mwa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Tumwite Shomari. Kwenye meza ana jiliwa, tupa tatu za ukubwa tofauti na ubao uliotundikwa funguo ambazo hazijachongwa. Mwisho wa riwaya atakuwa amesababisha kifo cha mtu asiye na hatia. Kazi yetu ni kumfikisha huko bila kumpoteza msomaji.

Kwanza, anataka nini? Kishawishi cha kumpa mtoto mgonjwa ni kikubwa, lakini tukikubali, tumeshamwosha. Mtu anayeiba kuokoa uhai wa mwanawe hana doa, ana msiba, na msomaji hatahangaika naye. Mpe haja ya kawaida ambayo ina chembe ya majivuno ndani yake. Ng'ambo ya barabara kijana mmoja amekodi fremu na kuweka mashine ya umeme inayochonga ufunguo kwa muda mfupi. Wateja wa Shomari wanavuka barabara mmoja mmoja. Wengine wanamsalimia kwanza, jambo ambalo ni baya zaidi. Shomari anataka fremu yake na mashine yake, na mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima mkononi. Si suala la kufa na kupona. Ni suala la kuona aibu kila siku mbele ya watu wanaokujua, na karibu kila msomaji anaijua aibu hiyo ingawa si kila msomaji angeiba kwa sababu yake. Pengo hilo kati ya kuelewa na kukubali ndiko mhusika wetu anakoishi.

Pili, aonekane akifanya kazi. Watu humheshimu anayejua anachokifanya, na heshima hii huingia kabla akili haijauliza kazi yenyewe ni halali au haramu. Mpe Shomari ukurasa mzima wa ufundi. Mama mmoja amepoteza ufunguo wa kufuli la duka. Shomari anaingiza ufunguo mtupu, anaugeuza kwa nguvu ya kiasi, anautoa na kuuinua juani. Pale vipini vya ndani vilipobana pameacha alama ndogo kama kichwa cha sindano. Anapitisha tupa mara mbili juu ya alama, anarudisha, anageuza, anatazama tena. Hazungumzi. Kufuli likifunguka hatabasamu, anafuta tu vumbi la shaba kwenye suruali. Msomaji akishautazama mkono huo ukifanya kazi, atautambua utakapofanya kazi nyingine usiku.

Tatu, awe na mpaka. Mhusika wa namna hii hujiwekea sheria yake mwenyewe, na sheria hiyo inatwambia anavyojiona. Shomari anajisemea kwamba yeye hafungui nyumba yenye watu waliolala. Anajivunia hilo. Sheria hii inafanya kazi mbili kwa pamoja. Inamtenganisha na wabaya zaidi watakaomzunguka, na inamsaidia kujidanganya kwamba yeye ni fundi tu, wezi ni wengine. Msomaji makini atausikia uwongo huo na bado ataupenda, kwa kuwa sote tuna sheria ndogo zinazotuacha tulale usingizi.

Sasa ngazi ya kushukia. Mtu haruki kutoka meza ya funguo hadi mauaji. Siku moja kijana anamletea kipande cha sabuni kilichogandamizwa alama ya ufunguo. Shomari anajua maana yake, maana mwenye ufunguo wake huuleta wenyewe. Anataja bei mara tatu ya kawaida akitumaini kijana ataondoka. Kijana analipa bila kupunguziwa. Hiyo ni hatua ya kwanza, na zingatia kwamba alijaribu kukataa kwa njia ya uoga, kwa kupandisha bei badala ya kusema hapana. Hatua ya pili, wanamtaka aje mwenyewe kulitazama kufuli la ghala moja kando ya Barabara ya Nyerere, mchana kweupe, kama fundi aliyeitwa. Hatua ya tatu ni usiku. Kila hatua inakuwa ndogo kuliko msomaji alivyoogopa, na kila moja inafanya ya kurudi nyuma iwe ghali zaidi.

Mlinzi lazima awe mtu

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kumpunguza anayeumizwa ili mhalifu abaki mzuri. Mlinzi anaitwa "mlinzi", hana jina, hana sauti, anaanguka na hadithi inasonga. Au anafanywa mlevi na mkorofi, ili tusimlilie. Kwa muda mfupi mwandishi anapata nafuu, lakini amelipia kwa bei kubwa, kwa sababu kosa dhidi ya mtu wa makaratasi ni kosa la makaratasi.

Kwa hiyo siku Shomari anapokuja mchana kulitazama kufuli, mlinzi yupo, ana jina, na anamkaribisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Jua hilo! Kaa kwanza, chai ipo."

Mzee Athumani ana chupa ya chai, redio ya mkononi iliyofungwa kwa mpira, na mshahara wa miezi miwili ambao hajalipwa. Anamuuliza fundi anakaa wapi kazini, ili akipata shida ya kufuli ajue pa kwenda, na Shomari, kwa mazoea ya kutafuta wateja, anamwambia: Msimbazi. Kikombe hicho cha chai kitamwelemea msomaji kuliko hotuba yoyote, na lile jibu moja limepanda mbegu ya taharuki ambayo tutaihitaji baadaye.

Usiku wenyewe, wenzake walimwambia mzee atakuwa geti la nyuma. Hayupo huko. Mmoja wao anampiga na nondo, wanabeba walichofuata, wanaondoka mbio. Shomari, aliyebaki nyuma na mnyororo wa geti mkononi, anamsikia mzee akijisogeza gizani na kuita kwa sauti ya chini: "Fundi."

Hapa mwandishi mwoga hufanya kifo kiwe ajali. Mzee alikuwa ameshakufa, au Shomari alikuwa mbali, au hakusikia. Ajali inamfanya mhusika awe na bahati mbaya tu. Doa la kweli linahitaji uamuzi, na uamuzi unahitaji njia mbili zilizo wazi. Shomari anajua kwamba geti likiachwa wazi, walinzi wa ghala jirani au gari la doria litaona, mzee atapelekwa hospitali, na huenda akapona. Akipona, atasema fundi wa Msimbazi. Anajua pia kwamba geti likifungwa vizuri, na kufuli likarudi mahali pake kama halijaguswa, hakuna atakayetazama ndani hadi asubuhi.

Anafunga. Andika ufungaji huo kwa utulivu uleule wa ukurasa wa mama mwenye duka: mnyororo, kufuli, ufunguo unageuka, mkono unafuta suruali. Ufundi ulioteka moyo wa msomaji ndio sasa unaoua. Hajampiga mtu, hata tone la damu halijamrukia, na sheria yake ya kutofungua nyumba yenye watu waliolala bado haijavunjwa kwa herufi. Msomaji hawezi kumtetea. Hawezi pia kusema hamjui, maana amemfuata kwa kila hatua hadi kwenye kufuli lile.

Baada ya tendo

Huruma nyingi hupotea katika sura inayofuata mauaji, na hupotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni mhusika kulia mno. Anakesha, anaota ndoto, anajilaumu ukurasa baada ya ukurasa, hadi msomaji ahisi kwamba anaombwa kitu. Ya pili ni kutolia kabisa, akaendelea na mambo kama shujaa wa sinema, na hapo tunamwona mashine. Njia iliyo salama zaidi ni kumpa jambo la kufanya ambalo linamlazimu kusimama mbele ya alichokitenda na kuendelea kujificha.

Wiki mbili baadaye mwanamke anafika mezani pa Shomari. Amebeba kufuli la sanduku la bati. Anaeleza kwamba funguo za marehemu mumewe zimeshikiliwa polisi kama ushahidi, na ndani ya sanduku mna karatasi za madai ya mshahara. Mumewe aliwahi kumtajia fundi wa Msimbazi, mtu mstaarabu, waliyekunywa naye chai. Kwa nini amefika hapa, basi? Si sadfa. Ameletwa na lile jibu la Shomari mwenyewe. Na je, hayo ya chai amewaambia polisi pia? Sasa huruma na taharuki zinavuta kamba moja: tunamwonea uchungu mama huyu, na papo hapo tunasikiliza kila neno lake kwa masikio ya Shomari.

Atafanya nini? Rasimu ya kwanza inayokuja kichwani ni hii: anachonga ufunguo, anakataa malipo, machozi yanamlenga. Ifute. Wema huo ni wa bei rahisi, unamnufaisha Shomari peke yake, na ni kama mwandishi anamrudishia msomaji chenji. Tena ni upumbavu, kwa kuwa fundi anayekataa hela ya mgeni anajitangaza. Katika rasimu ya pili anachukua malipo, bei ya kawaida, bila kupunguza wala kuongeza. Mama anatoa noti kubwa. Shomari anahesabu chenji, anakosea, anahesabu upya. "Pole sana mama," anasema, kama ambavyo mtu yeyote angesema. Anapoondoka, anagundua kwamba ameuchonga ufunguo ule kwa uangalifu kuliko wowote wa mwaka huo, na kwamba hilo halimsaidii yeyote.

Tofauti kati ya rasimu hizo mbili ndiyo tofauti kati ya kuomba huruma na kuipata. Katika ya pili hakuna anachokidai. Ametenda kibaya kidogo tena, kwa sababu inayoeleweka, na gharama yake imeonekana katika mkono uliokosea hesabu.

Nani anasimulia

Mwandishi atalazimika kuchagua kama Shomari asimulie mwenyewe au asimuliwe. Nafsi ya kwanza inamleta karibu upesi, na Kiriamiti alinufaika nayo. Hatari yake ni kwamba msimulizi anayejitetea hugeuka wakili, na msomaji hapendi kukaa mahakamani kwa sura thelathini. Ukiichagua, acha utetezi wake uwe na nyufa: aeleze mara tatu kwa nini alifunga geti, na kila mara sababu iwe tofauti kidogo.

Highsmith alimsimulia Ripley kwa nafsi ya tatu, lakini kwa macho ya Ripley tu. Kwa Shomari ningechagua njia hiyo. Inaruhusu mwandishi kuonyesha jambo ambalo mhusika amelipita bila kulitazama, mfano viatu vya mama yule vilivyoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Na inambana mwandishi asitoke nje ya kichwa hicho kwenda kumhukumu. Ukikuta umeandika kwamba Shomari "hakujua kuwa shetani amemtawala", umetoka, na msomaji ametoka nawe.

Kupima mswada

Makosa ya namna hii hayaonekani kwa kusoma tu, kwa sababu mwandishi tayari anampenda mtu wake. Chukua karatasi, gawanya safu nne, na kwa kila sura andika kwa maneno machache: anataka nini, anaogopa nini, amefanya nini, na nani amelipa. Safu mbili za kwanza zikiwa tupu, msomaji hana pa kumshika. Safu ya nne ikiwa tupu kwa sura tatu mfululizo, riwaya imeanza kumsifu mhalifu. Na kama katika safu ya nne kila mara anayelipa ni yeye, umegeuza hadithi kuwa maombolezo yake, na waathirika wamesahauliwa.

Kipimo cha pili ni kuandika ukurasa mmoja kwa macho ya Mzee Athumani pale getini, hata kama hautachapishwa. Asikie nini? Aone nini? Atamwita Shomari kwa sauti gani, na atafikiri nini mnyororo utakapolia? Ukishindwa kuuandika, ujue mzee hajawa mtu bado, na kasoro hiyo itaonekana katika sura yenyewe.

Cha tatu ni wasomaji wawili watatu wasiokuogopa. Usiwaulize kama wamempenda Shomari. Waulize ni ukurasa upi walipoacha kujali kitakachompata. Wakitaja ukurasa wa geti, pengine ngazi yako ilikuwa na hatua iliyoruka. Wakitaja ukurasa wowote wa baada ya hapo, mara nyingi chanzo ni kujieleza kulikopitiliza, na dawa yake ni kufuta. Wakikwambia kwamba walichukia lakini walisoma hadi mwisho, usibadilishe kitu.

Mwisho wa hesabu

Je, akamatwe? Mwaka 1960 mwongozaji wa Kifaransa René Clément alipoitoa filamu ya Plein Soleil kutokana na riwaya ya Ripley, aliimalizia kwa maiti kuibuka pamoja na mashua na polisi kuwa mlangoni. Katika riwaya, Tom anaondoka huru, na urithi wa Dickie mkononi kwa wosia alioughushi. Lakini Highsmith hakumwachia bure. Akiiwazia safari ya kwenda Krete, Tom anajiuliza kama ataona polisi wakimngoja katika kila gati atakayoifikia maishani mwake. Hofu ile ya ukurasa wa kwanza, ya mtu anayedhani anafuatwa, imekuwa makazi yake ya kudumu.

Hukumu ya mahakama si lazima, wala haikatazwi. Kinacholazimu ni kwamba deni lilipwe kwa sarafu ileile ya haja yake. Shomari aliona aibu, akataka watu wamheshimu kwa ufundi wake. Basi mpe fremu. Mpe mashine. Mpe na kibao cha rangi chenye jina lake, na majirani wanaomwachia funguo za nyumba zao wanaposafiri kwa sababu ni mtu wa kuaminika. Kisha mlete askari wa upelelezi, mchana, kama mteja, na kufuli la ghala kwenye mfuko wa nailoni, amwombe kitaalamu amweleze: kufuli hili lilifungwaje bila kukwaruzwa? Mtaa mzima umemtaja yeye kuwa ndiye fundi bora.

Jibu atakalotoa Shomari ni sura ya mwisho. Akisema ukweli amepoteza kila alichokiulia, na akidanganya italazimu akane ufundi wake mwenyewe mbele ya watu, aseme kazi ile hajui inavyofanywa. Mwandishi achague mojawapo na aandike hadi nukta, bila askari kutoa hotuba na bila msimulizi kutwambia tujifunze nini. Msomaji aliyeshika pumzi usiku ule getini ana ushahidi wote anaouhitaji.